Nimelipa milioni tisa na nusu, deni limepungua milioni mbili na ushee

*Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko mkoani Singida. Miaka miwili iliyopita nilikopa benki shilingi 20,000,000 kwa dhamana ya mshahara, riba asilimia 18 kwa mwaka, muda miaka minane. Kila mwezi nakatwa 394,464 na haijawahi kuruka hata mara moja. Juzi nilipita benki kuuliza salio kwa sababu mchezo wetu wa kazini umenifikia na nitapokea 3,000,000. Nikaambiwa bado nadaiwa 17,295,156! Makato 24 ni karibu milioni tisa na nusu, zimekwenda wapi? Afisa mikopo akanituliza, akasema niongeze mkopo urudi milioni 20, nipate hela mkononi na makato yabaki yale yale. Mume wangu anasema tumeibiwa, twende tukashtaki. Mimi nilikuwa nawaza kununua kiwanja. Nifanyeje?*

*Mwalimu, Singida*

Marahaba, mwalimu. Mwambie shemeji asikate tiketi ya basi kwanza. Nimeirudia hesabu yenu kwa kalamu na salio mliloambiwa ni sahihi. Hakuna aliyeiba. Mwenye kesi ya kujibu kwangu ni huyo afisa mikopo na ushauri wake, na nitamfikia.

Nilikaa meza ya mikopo miaka kadhaa kabla ya kuandika safu hii, na swali lako nililisikia kila mwisho wa mwezi. Wengi walikuja wakiamini kwamba benki ina ujanja wa kuchota riba yote mwanzoni kisha deni lenyewe baadaye. Hata baadhi ya wafanyakazi wenzangu waliwaeleza wateja hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo inavyoonekana kwenye karatasi. Ukweli ni rahisi kuliko hapo, na ukishauona utajua mwenyewe hizo milioni tatu ziende wapi.

Chukulia riba kuwa ni kodi ya pango. Umepanga fedha za watu, na kodi yake ni asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Kodi hiyo haitozwi kwa kiasi ulichokopa siku ile, inatozwa kwa kiasi ambacho bado uko nacho mwezi huu. Mwezi wa kwanza ulikuwa umeshika milioni 20 nzima, kwa hiyo kodi ya mwezi ilikuwa 300,000. Mshahara ukaingia, ukakatwa 394,464. Benki ikatoa kodi yake kwanza, zikabaki 94,464. Hizo zilizobaki ndizo zilizorudisha deni lenyewe, lile ambalo kwenye karatasi zao wanaliita deni la msingi. Salio likawa 19,905,536.

Mwezi wa pili kodi inahesabiwa upya kwa salio hilo jipya, inakuwa 298,583. Makato ni yale yale 394,464, kwa hiyo sasa zinabaki 95,881 za kupunguza deni. Linganisha na mwezi uliotangulia: sehemu inayopunguza deni imeongezeka kwa 1,417 tu. Hiyo 1,417 ni nini? Ni asilimia 1.5 ya zile 94,464 ulizorudisha mwezi wa kwanza. Umerudisha kiasi fulani, basi kodi yake huilipi tena, na badala ya kukurudia mfukoni inasukumwa kwenye deni. Mwezi wa tatu hivyo hivyo, na wa nne. Ndiyo mashine nzima hiyo, haina kifaa kingine kilichofichwa ndani.

Kinachokuumiza ni kwamba mashine hii inaanza polepole sana. Kila mwezi sehemu ya deni inakua kwa asilimia moja na nusu, lakini inakua kutoka kwenye kitu kidogo. Katika miezi yako 24 umelipa 9,467,136. Kati ya hizo, 6,762,292 zimekwenda kwenye riba na 2,704,844 ndizo zilizopunguza deni. Toa hizo za mwisho kwenye milioni 20 utapata salio uliloambiwa dirishani, bila kupungua shilingi.

Nimekuchorea miezi michache ya mkopo wako uone namna mizani inavyogeuka. Makato ni 394,464 katika kila mstari.

| Mwezi | Riba | Deni la msingi |
|---|---|---|
| 1 | 300,000 | 94,464 |
| 25 | 259,427 | 135,037 |
| 51 | 195,594 | 198,870 |
| 73 | 118,519 | 275,945 |
| 96 | 5,829 | 388,635 |

Mstari wa kuutazama ni wa mwezi wa 51. Huo ndio mwezi wa kwanza ambapo zaidi ya nusu ya makato yako inapunguza deni, na utaufikia ukiwa umeshapita miaka minne. Salio lenyewe halitashuka chini ya milioni 10 mpaka ukatwe mara 64. Maana yake theluthi mbili ya muda inamaliza nusu ya deni, na theluthi moja iliyobaki inamaliza nusu nyingine. Mwezi wa mwisho kabisa riba ni nauli ya bodaboda tu. Waliozoea mikopo ya muda mrefu wanaijua hali hii: miaka unaona deni limeganda, halafu ghafla linaporomoka.

Na kilichofanya mwanzo uwe mzito hivyo ni ile miaka minane. Ungekopa milioni 20 hizo hizo kwa riba hiyo hiyo kwa miaka minne, makato yangekuwa 587,500 kwa mwezi. Kodi ya mwezi wa kwanza ingekuwa ile ile 300,000, kwa sababu umepanga kiasi kile kile, lakini 287,500 zingepunguza deni, mara tatu ya zako. Riba yote ya miaka minne ingefika milioni 8.2. Ya miaka minane inafika milioni 17.87. Sikulaumu. Najua wakati wa kusaini kila mtu anatazama kitakachobaki kwenye mshahara, na 587,500 huenda isingepita. Nakuonyesha tu kwamba makato madogo ndiyo yaliyoliacha deni lisimame, maana yalikuwa yanatosha kulipa kodi na chenji kidogo.

Sasa nije kwa afisa mikopo.

Anachokupa ni hiki. Benki inafungua mkopo mpya wa milioni 20, inalipa salio la zamani 17,295,156, na wewe unapokea tofauti, 2,704,844. Kabla hazijakufikia zitapungua kidogo kwa ada ya mkopo na bima. Makato kweli yatabaki 394,464, hakukudanganya hapo. Alichokinyamazia ni kwamba kalenda inarudi mwezi wa kwanza. Ulikuwa umebakiza miezi 72, sasa unakuwa na 96. Umejiongezea makato 24, ambayo jumla yake ni 9,467,136, ili upate milioni mbili na laki saba leo. Na mwezi ujao, badala ya 135,037 kwenda kwenye deni, zitakwenda tena 94,464. Miaka yako miwili ya kusukuma jiwe mlimani imeachiwa irudi bondeni.

Kwa haki yake niseme riba ni ile ile asilimia 18, haikupanda. Ila unaikodi fedha hiyo ndogo kwa muda mrefu mno, na ndiyo maana inakuwa ghali. Kuna mtu anaweza kulazimika: mgonjwa yuko hospitali, hakuna pa kukimbilia. Hapo siwezi kumzuia mtu. Lakini wewe unapewa topapu wakati una milioni tatu zako mkononi! Afisa ana lengo la mwezi la kutoa mikopo, nami nililikimbiza lengo kama hilo. Mteja aliyekatwa miaka miwili bila kuruka ndiye tuliyemtafuta kwanza kwa simu.

Mimi mwenyewe nilidakwa, tena nikiwa ndani ya fani. Niliongeza mkopo mara ya kwanza kwa ajili ya bati, mara ya pili ada, mara ya tatu harusi ya mdogo wangu. Kila mara makato hayakubadilika, kwa hiyo sikuhisi kitu. Siku niliyotoa karatasi zote na kuzipanga mezani nikakuta nina miaka tisa kwenye mikopo na bado nadaiwa karibu kile kile nilichokopa mwanzo. Sikuwahi kuuona mwezi wangu wa 51, kila nikiusogelea narudi mwanzo.

Basi tuzitazame hizo milioni tatu za mchezo. Ukizipeleka zote kwenye deni la msingi leo, salio linashuka kutoka 17,295,156 hadi 14,295,156. Mwezi unaofuata kodi inahesabiwa kwa hilo jipya, inakuwa 214,427, na zinabaki 180,037 za kupunguza deni. Kwa mkupuo mmoja umeruka miezi kama kumi na tisa ya mkopo. Ukiendelea kukatwa 394,464 ile ile, utamaliza kwa makato 53 badala ya 72, na la mwisho litakuwa dogo kuliko mengine. Nimejumlisha: ungelipa milioni 28.4 kuanzia sasa hadi mwisho. Ukiingiza milioni tatu, jumla yote pamoja na hizo tatu inakuwa milioni 23.8. Umeokoa karibu milioni 4.6.

Hapa kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawaambiwi. Benki inaweza kukuuliza, au isikuulize kabisa, kama unataka muda upungue au makato yapungue. Ukichagua makato yapungue na miezi 72 ibaki, utakatwa 326,041 badala ya 394,464. Unapata nafuu ya elfu sitini na nane kwa mwezi, inapendeza kwenye slipu ya mshahara, lakini akiba yako yote inashuka kutoka milioni 4.6 hadi milioni 1.9. Kama mshahara unakubana kiasi cha kukopa dukani kila tarehe 20, chagua hiyo na wala usione haya. Kama unapumua, acha makato yalivyo na uombe muda ukatwe.

Wakati nao una bei. Ungezipokea hizi milioni tatu baada ya miaka sita badala ya miwili, zingekuokolea karibu milioni moja tu. Fedha ni ile ile, deni ni lile lile. Tofauti ni kwamba mapema inafuta kodi ya miaka mingi iliyo mbele, na mwishoni hakuna kodi nyingi ya kufuta. Ndiyo maana mtu aliyebakiza mwaka mmoja akiniambia anauza mbuzi amalizie mkopo, humwambia awaache mbuzi wazae.

Kuhusu kiwanja, jiulize swali moja: kitapanda thamani kwa zaidi ya asilimia 18 kila mwaka, ukishatoa gharama za hati na upimaji? Kuna maeneo kinapanda, sibishi, lakini hakuna wa kukuhakikishia. Deni lina uhakika. Kila shilingi unayorudisha leo inaacha kutozwa asilimia 18 kuanzia leo. Ila kama huna akiba nyingine hata senti, bakiza kiasi nyumbani au kwenye simu. Fedha ikishaingia kwenye deni huwezi kuirudisha ila kwa kukopa upya, na tumeshaona hilo linakupeleka wapi.

Kabla hujapeleka, soma mkataba wako kipengele cha kulipa kabla ya muda. Mikataba mingine ina tozo kwa anayelipa mapema, mingine haina, na mingine inataka taarifa ya maandishi siku kadhaa kabla. Hata tozo ya asilimia mbili ya kiasi unacholipa, ambayo ni 60,000 kwa milioni tatu, haigusi ile milioni 4.6. Angalia pia kama riba yako kweli inahesabiwa kwa salio linalopungua. Wewe uko salama, kwa sababu makato ya 394,464 yanakubaliana na hesabu hiyo. Kuna wakopeshaji wanaotoza riba kwa kiasi cha mwanzo hadi mwisho wa mkopo, hata ukibakiza laki moja. Kwa namna hiyo asilimia 18 ya milioni 20 kwa miaka minane ingekuwa milioni 28.8 za riba, na makato yangefika 508,333. Ukiona jedwali ambalo safu ya riba haishuki mwezi hadi mwezi, jua uko kwa watu wa aina hiyo, na kulipa mapema kwao huenda kusikuokolee kitu.

Shuleni kwenu bila shaka kuna kompyuta. Fungua Excel uandike mistari hii miwili ujionee mwenyewe. Wa kwanza unatoa makato ya mwezi, wa pili unatoa kiasi cha deni kilichopungua katika miezi 24 ya kwanza, kikiwa na alama ya kutoa mbele.

```
=PMT(18%/12,96,-20000000)
=CUMPRINC(18%/12,96,20000000,1,24,0)
```

Usishtuke taarifa ya benki ikitofautiana na hesabu hii kwa elfu chache. Benki nyingi huhesabu riba kwa siku, kwa hiyo mwezi wa siku 31 unatoza zaidi kidogo na Februari inatoza kidogo. Makato ya mwajiri yakichelewa kufika nayo huongeza siku za kutozwa. Tofauti ya laki na zaidi ndiyo ya kuulizia.

Jambo la mwisho ni namna ya kuzipeleka, na hapa ndipo niliona watu wengi wakipoteza. Usiziweke tu kwenye akaunti ukadhani zimelipa deni. Zitakaa pale, benki itaendelea kukata 394,464 kila mwezi kama kawaida, na mwaka utapita salio la mkopo halijui kama kuna milioni tatu zilipita karibu. Benki nyingine huzipokea kama makato ya miezi saba ijayo yaliyolipwa kabla, na hilo nalo silo unalolitaka. Andika barua, nakala mbili, yako igongwe muhuri: "Naomba shilingi 3,000,000 zipunguze deni la msingi la mkopo wangu leo, rejesho la mwezi libaki 394,464, na muda wa mkopo upungue. Naomba jedwali jipya la marejesho." Afisa akirudia habari ya topapu, mwambie utaifikiria ukishapata jedwali.

Jedwali likija, tazama safu ya riba kwenye mstari wa kwanza. Ukikuta kiasi kinachozunguka 214,000, fedha zako zimefika. Ukikuta 259,000, hazijagusa deni. Rudi na ile nakala yenye muhuri siku hiyo hiyo.